Umeingiaje nyumbani bila hodi?

Wasee, leo nitawakera maemsii wenzangu. Ukishika maiki kwenye sherehe ya kijiji, dakika ya kwanza kabisa, halafu useme "itifaki imezingatiwa," mimi huku nyuma najua tu kwamba hujui waliokaa kwenye ile tenti ya mbele ni akina nani. Ama unawajua vizuri na unawaogopa.

Naongea hivyo kwa sababu nimeifanya. Desemba 2023, hapa kwetu Mwatate, na sababu yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Wengi wenu mnanifuata kwa zile klipu za matatu za Voi na za soko letu, kwa hivyo nianze kwa kueleza hii sherehe. Kila tarehe 26 Desemba kijiji chetu hukutana kwenye uwanja wa shule. Wale wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi wamerudi, kuna wanaotoka Ghuba wakiwa kwenye likizo ya mkataba, na kuna familia za watu walioajiriwa kwenye shamba la mkonge, ambao wazazi wao walikuja hapa kutoka pande nyingine za Kenya na wakabaki. Kunachinjwa, kunapikwa, watoto wanakimbia mbio za magunia, vijana wanacheza mpira, na wazee wanapewa nafasi ya kubariki mwaka unaokuja. Kila kitu lazima kiishe kabla ya giza, kwa sababu sisi tunaishi na ndovu wa Tsavo na hakuna mtu anataka kukutana nao akirudi nyumbani na sahani ya pilau mkononi.

Mwaka huo nilipewa maiki kwa sababu nilikuwa na spika na nilikuwa na wafuasi. Basi. Hakuna mtu aliniuliza kama najua kusalimia.

Nilisimama nikapiga kelele, "Mwatate mko ajeee!" Vijana wakaitikia hadi spika ikalia. Nikajisikia nimefika. Nikarudia, wakaitikia tena. Nikasema mheshimiwa wetu mwakilishi wadi yuko njiani, tumpigie makofi akiwa huko huko kwa gari. Halafu nikageuka kidogo upande wa tenti ya wazee, sikuangalia uso wa mtu yeyote, nikasema haraka, "Na wengine wote kwa nyadhifa zenu, itifaki imezingatiwa." Dijei akaweka wimbo.

Kwenye video yangu mwenyewe unaona kilichofuata, ingawa nilichelewa kukiona. Wazee hawakupiga kelele wala hawakulalamika. Mzee mmoja alisimama polepole, akashika kiti chake cha plastiki, akakigeuza kikatazama mwembe, akakaa tena. Wa pili yake akafanya vivyo hivyo. Baada ya kama dakika tano nusu ya tenti ilikuwa imenipa mgongo.

Mwenyekiti wa sherehe alikuja, akafunika maiki kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Umeingiaje nyumbani bila hodi?"

Yule mzee wa kwanza kugeuza kiti sikushangaa kwamba ni yeye. Mwaka 2021, kwenye uwanja huo huo, watu hawa hawa walinifanyia harambee ya kwenda chuo kikuu. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Alistaafu kutoka mkonge, ana mwandiko wa herufi kubwa kubwa, na aliandika kwenye daftari la watoto la kurasa tisini na sita kila kitu kilichotolewa siku ile. Mia mbili, hamsini, elfu moja. Kuku wawili waliopigwa mnada. Mkungu wa ndizi kutoka kwa mama mmoja wa kule juu Chawia ambaye hata si jamaa yetu. Niliondoka na pesa zao nikasoma mwaka mmoja na nusu. Karo ya mwaka wa pili ilipokuja hazikutosha, hiyo ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani, nafanya video. Nilirudi nyumbani na sikuenda kumwambia mzee yule. Nikimwona barabarani nilikuwa navuka upande wa pili.

Kwa hivyo mtu akiniambia salamu ni maneno tu ya kupasha moto maiki, namwangalia tu. Mimi niliruka tenti moja kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ndani yake sikuweza kumwambia shikamoo.

Mwaka uliofuata emsii waliyemtegemea kutoka Voi alipata kazi ya harusi Mombasa wiki mbili kabla ya siku. Mwenyekiti akanipigia simu. Hakuniomba, aliniambia, "Jumapili uje kwangu jioni, na uje na kalamu." Yale aliyonifundisha jioni ile ndiyo nataka kuwapa, kwa sababu sijaona mtu akiyasema mtandaoni, na maemsii vijana wanazidi kuwa wengi.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni kwamba nilikuwa nachanganya foleni tatu tofauti. Kuna mpangilio wa kusalimia, kuna mpangilio wa kuongea, na kuna mpangilio wa kula. Kwenye kusalimia unaanza juu unashuka. Kwenye kuongea ni kinyume, mdogo anaanza na mkubwa anamaliza. Angalia sherehe za Jamhuri kwenye televisheni, 12 Desemba: Rais ndiye wa mwisho kuhutubia, na anayemwita jukwaani ni naibu wake, wala si mtangazaji. Huku kijijini ni hivyo hivyo kwa kipimo chetu. Emsii hamwiti mheshimiwa jukwaani. Emsii anamkaribisha mwenyekiti, mwenyekiti anamkaribisha chifu, chifu anamkaribisha mwakilishi wadi, na kama mbunge amekuja, mwakilishi wadi ndiye anayempa nafasi. Kila mtu anapokelewa na aliye karibu naye. Nilipompigia mheshimiwa makofi akiwa bado barabarani nilikuwa nimemnyang'anya chifu na mwenyekiti kazi yao mchana kweupe.

(Kuhusu foleni ya kula, wazee na watoto wadogo kwanza, na emsii mwisho. Mimi hilo nimelizoea.)

Kitu cha pili ndicho kilinichukua muda kukubali. Nilimuuliza, "Lakini mheshimiwa si ndiye mkubwa? Mbona tusianze na yeye?" Akaniambia inategemea sherehe ni ya nani. Kama serikali ndiyo imeita watu, kwa mfano kufungua barabara au kusherehekea sikukuu ya kitaifa, basi orodha ni ya serikali na unaifuata kama ilivyo, huongezi wala hupunguzi. Kuna hadi mtu wa itifaki atakayekupa karatasi. Lakini hii ya tarehe 26 imeitwa na kijiji. Hapo mwenye nyumba ni wazee, na mheshimiwa ni mgeni, hata awe mgeni mkubwa namna gani. Huwezi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba kabla hujamwamkua mwenye nyumba. Ukifanya hivyo hujamheshimu mgeni, umemwingiza kwa dirisha.

Sasa ugomvi hutokea pale watu wa mheshimiwa wanapotarajia ile orodha ya serikali. Dawa yake hufanywa asubuhi. Unamtafuta msaidizi wake kwa simu, unamwambia: bosi atatambuliwa baada ya wazee, na ataongea wa mwisho. Nilifanya hivyo mwaka 2024 na yule msaidizi akasema sawa bila shida yoyote. Ukingoja mpaka wakati wa maiki, utaona mtu wa suti anakupungia mkono kutoka pembeni ya jukwaa, na hapo umeshachelewa.

Baada ya hapo tukaandika orodha. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima majina. Mwenyekiti akasoma, akakata karibu yote. Kanuni yake ilikuwa moja: ukimtaja mmoja wa daraja, wataje wote wa daraja hilo, la sivyo taja daraja na unyamaze. Kulikuwa na wachungaji watatu kwenye orodha yangu, mmoja nilimwandika jina kwa sababu ananifuata TikTok. "Wale wawili," mwenyekiti akaniuliza, "wataambia nini waumini wao?" Kwa hivyo ikawa "wachungaji wetu na imamu wetu," kwa sababu imamu aliyealikwa alikuwa mmoja tu. Majina yaliyobaki yalikuwa matano. Aliyetajwa huwa anasahau kufikia jioni. Aliyeachwa anakumbuka mpaka mazishi yako.

Tukaja kwenye salamu zenyewe, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo wengi wetu tunaharibu.

Sisi Wakenya tumezoea ile ya siasa: "Hamjambo? Hamjambo tena?" Watu elfu moja wanajibu hatujambo na kazi imeisha. Haina dhambi, lakini angalia imefanya nini: imemuuliza mzee wa miaka themanini swali lile lile ililomuuliza mtoto wa chekechea. Na ukisema shikamoo kwa umati wote umekosea upande wa pili, maana sasa unawaamkia mpaka watoto, na kuna mtoto mmoja mtundu lazima ataitikia "marahaba!" kwa sauti kubwa na uwanja mzima utacheka. Shikamoo maana yake ya zamani ni kushika miguu ya mtu. Huwezi kushika miguu ya umati. Unaishika ya watu fulani, na lazima uwe umewageukia.

Kwa hivyo umati unakatwa vipande, kila kipande na salamu yake, na kila salamu ina jibu lake. Wazee unawaambia shikamooni, jibu ni marahaba. Wageni na watu wa rika la wazazi wetu wadogo unawaambia hamjambo, jibu ni hatujambo. Vijana unawaambia niaje ama mambo, wanakujibu poa au fiti. Watoto hamjambo pia, ila sauti inabadilika. Mwenyekiti alinisisitizia kwamba kazi ya emsii siyo kutoa salamu, ni kungoja jibu. Unahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Jibu likitoka pale ulipolielekeza, umefika. Likitoka mahali pengine, umepotea njia na unarudi. Lisipotoka kabisa, mtu amekasirika, na afadhali ulijue sasa kuliko saa tisa.

Kuhusu lugha tulibishana kidogo. Mimi nilitaka kuanza kwa Kidawida kwa sababu kwa video inapendeza. Mwenyekiti mwenyewe ni Mdawida wa kutoka kule Bura, akakataa. Alisema hapo uwanjani kuna Wasaghala, kuna watu wa Kasigau wameoa hapa, kuna familia za mkonge ambazo ni Wakamba na Waluo na wengineo. Ukianza na Kidawida, neno lako la kwanza limewaambia watu fulani kwamba wao ni wapita njia. Anza na Kiswahili, cha wote. Kidawida utakiweka ukifika kwa waghosi, wazee wenyewe, sentensi moja, kwa sababu hapo unaongea nao.

Jumatatu asubuhi nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha majina na kuuliza nani amefiwa mwaka huo. Nyumba ya mweka hazina niliiacha ya mwisho. Nilifika mpaka kwenye mnazi ulio mbele ya lango lake nikarudi.

Siku yenyewe nilifika saa mbili, kabla ya tenti. Hilo pia ni la kujifunza: ukifika mapema unaona viti vinapangwa vipi, na salamu zako lazima zifuate viti. Mwaka 2023 jukwaa langu liliangalia vijana, wazee wakawa nyuma ya bega langu la kushoto. Hata kama ningekuwa na adabu zote za dunia ningewasalimia kwa kisogo. Safari hii nilimwomba dijei asogeze meza yake mpaka tenti ya wazee ikawa mbele yangu kabisa, wageni kulia, vijana kushoto kwenye jua wanapopenda wenyewe.

Nikaona pia kitu ambacho mwenyekiti hakuniambia, na nafikiri kwa sababu ni mwanaume. Akina nyanya wengi hawakuwa kwenye tenti ya wazee. Walikuwa nyuma ya darasa la nne, kwenye sufuria, wakielekeza wasichana kiasi cha chumvi. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa huko na mwiko. Tukisema "wazee wetu" watu husikia wanaume wenye fimbo. Nikamwomba kijana wa spika avute moja ielekee jikoni. Waya haukufika, tukaunganisha na mwingine, ukawa unakwaruza, lakini walisikia.

Saa nne na robo hivi mwenyekiti akaniashiria. Nitawaandikia nilivyosema, kadiri ninavyokumbuka na kadiri video inavyonisaidia.

Nikasema, "Hodi wenyewe."

Kulikuwa na kimya kidogo, watu hawakutarajia. Kisha tenti ya wazee ikajibu, si wote, "Karibu."

"Hodi tena jikoni." Na kutoka nyuma ya darasa la nne ikaja "Karibuuu" ya wanawake, na kicheko.

Nikasema, "Bwana asifiwe," nikangoja amina. Nikasema, "Asalamu aleikum," nikangoja. Hapa emsii wengi huzisema zote mbili kwa pumzi moja, kama mtu anasoma bei. Walioitikia ya pili walikuwa wachache lakini niliwangoja muda ule ule.

Kisha nikashusha sauti nikasema kwamba tangu tulipokutana mwaka jana tumezika watu wanne, nikataja nyumba zao, si sababu za vifo wala hadithi, nikasema, "Tunawakumbuka, na nyumba zao tunazisalimia kwanza." Mwenyekiti alikuwa amenionya hapo kusiwe na wimbo wa huzuni wala dakika tatu za kusimama, maana ni sikukuu. Lakini ukiruka kabisa, mjane anakaa pale akisikia kelele za furaha na hakuna mtu aliyesema anajua kwamba yeye amekuja peke yake mwaka huu.

Halafu nikageuka mzima mzima, mpaka miguu, nikaangalia tenti ya wazee. Nilikuwa nimepanga kusema kwa jumla. Lakini yule mzee alikuwa amekaa mstari wa pili, kofia kichwani, ananiangalia. Kiti chake bado kilikuwa kinatazama mbele. Nikasema, "Wazee wangu, na nyanya zangu mlio jikoni na mlio hapa. Mwaka jana niliingia hapa bila kubisha, na mnajua. Shikamooni."

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Ilitoka jikoni kwanza, marahaba nyembamba ya akina nyanya. Kisha tenti. Wasee, sijui kama mmewahi kusikia marahaba ya wazee hamsini ikija kwa pamoja, haina kelele, ni kama mtu ameweka kitu kizito chini. Nikaongeza sentensi yangu moja ya Kidawida, nikaikosea matamshi, wakacheka, ikawa sawa.

Yule mzee sikuona mdomo wake ukifunguka. Kwenye video nimerudia sehemu hiyo mara nyingi na mkono wa mtu umepita mbele ya kamera sekunde ile ile.

Baada ya hapo nilishuka haraka: wachungaji na imamu, chifu na naibu wake, mzee wa kijiji. Kisha wageni. Na hapo kuna mtego mmoja ambao nataka niueleze, kwa sababu karibu niingie tena. Kwenye orodha yangu ya kwanza niliandika "wageni wetu kutoka Mombasa, Nairobi na nje ya nchi." Mwenyekiti alipiga mstari akaniuliza, "Binti wa jirani yako aliye Saudia, ni mgeni wa nani?" Huyo dada amekuwa huko karibu miaka minne, ndiye amejenga ile nyumba ya mabati ya bluu ya mama yake. Amerudi kwa wiki tatu. Ukimwita mgeni mbele ya kijiji kizima umemwambia kwamba amekuwa nje muda mrefu hadi mlango umefungwa. Kwa hivyo hao husalimiwa kama watoto wa nyumbani waliorudi, baada ya wageni na kabla ya vijana, na neno lao si karibuni. Nilisema, "Ndugu zetu mliorudi nyumbani, poleni na safari." Yule dada alikuwa amesimama karibu na mwembe na simu yake, anarekodi. Aliishusha.

Wageni halisi walikuwa wakwe wa nyumba mbili, walimu waliohamishiwa hapa mwezi wa tisa, na mwakilishi wadi ambaye alikuwa hajafika. Asiyefika hasalimiwi. Alipokuja saa tano na nusu, mwenyekiti wa vijana alikuwa katikati ya sentensi, nikamwacha amalize, nikasema mheshimiwa amefika, chifu atampa kiti, tunaendelea. Sekunde kumi. Hatukuanza upya salamu zote kwa ajili yake, na hakuonekana kukasirika. Alipopewa nafasi mwisho kabisa na chifu, alianza kwa kuwasalimia wazee kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vijana niliwaweka mwisho na walijua kwamba si kwa ubaya, kwa sababu nilikuwa nimewaambia usiku kwenye kundi letu la WhatsApp: leo nyinyi mtangoja, lakini mkifikiwa mtapewa kelele zote. Nilipofika kwao nikasema, "Na sasa, Mwatate, mko ajeee!" Ile ile ya mwaka jana, neno kwa neno. Walivyoitikia, ndege waliruka kwenye mwembe. Watoto wakamalizia na hatujambo yao, na salamu zote, kuanzia hodi mpaka hapo, zilikuwa zimechukua dakika sita na kidogo. Nilikuwa nimelenga tano. Ukizidi nane wazee wenyewe wataanza kuangalia jua.

Nikamkaribisha mwenyekiti, naye akampa mzee mkongwe zaidi nafasi ya kubariki. Zamani wazee wetu wakibariki walitasa, yaani walipuliza kinywaji kwa mdomo huku wakitamka maneno ya heri, na juisi ya miwa ilifaa. Siku hizi kwenye uwanja wa shule yenye waumini wa kila aina, mzee aliomba tu kwa maneno. Nilimshikia maiki maana mikono inatetemeka. Sikuirudisha mdomoni kwangu mpaka alipokaa kabisa.

Alasiri, pilau ikiwa imepungua, nilikuwa nakunja waya wa spika karibu na jikoni. Yule mweka hazina akaja na fimbo yake, akasimama. Nikaacha waya, nikasema, "Shikamoo, mzee." Sisi wawili tu, bila maiki.

"Marahaba." Akaangalia zile nyaya. "Ulifika mwaka wa ngapi?"

"Wa pili, mzee. Sikumaliza. Nilipaswa kuja kukwambia."

"Ulipaswa." Akanyamaza muda mrefu, nikasikia wasichana wakisugua masufuria kwa majivu. "Lile daftari bado ninalo. Kuna watu humo wameshakufa."

Nikasema najua. Wawili kati ya wale wanne niliowataja asubuhi walikuwa humo, mmoja alitoa mia tatu.

"Waliobaki," akasema, "uwapitie. Si lazima pesa. Uwaambie tu." Akaondoka kwa sababu jua lilikuwa linashuka na njia yake inapita karibu na pale ndovu huvuka.

Daftari nimeshalichukua. Majina ni sabini na moja, nimeshawapitia kumi na tisa, na yule mama wa ndizi wa Chawia ndiye nitakayemwendea Jumamosi hii, kwa hivyo msinitarajie na video wikendi.